Zena kavunjika mkono sehemu ya 14, sehemu ya 22 anapanda kamba. Na jedwali ninalo!

#1 KalamuButu
Wakuu, habari za muda huu. Naandika hadithi ya mfululizo, natoa sehemu moja kila wiki, sasa niko sehemu ya 34. Mhusika mkuu anaitwa Zena, fundi seremala anayemtafuta baba yake. Tangu mwanzo niliambiwa niwe na jedwali la mhusika, nikalitengeneza: tabia zake, majeraha aliyopata, lini kitu gani kilitokea. Lina mistari kama 140.

Sehemu ya 14 Zena anaanguka kutoka juu ya paa, anavunjika mkono wa kushoto karibu na kifundo. Kwenye jedwali nimeandika: "Mkono wa kushoto umevunjika, sehemu ya 14." Sehemu ya 22 nimeandika hivi, nanukuu aibu yangu mwenyewe: "Zena akaikamata kamba kwa mikono miwili, akapanda ukuta kama tumbili."

Wasomaji wamenicheka wiki nzima. Swali langu ni moja: mstari ulikuwepo na ulikuwa sahihi, kwa nini haukunizuia? Nyie wenye hadithi ndefu mnaandika nini humo ndani?

#2 Chachandu
Labda alikuwa na mkono wa akiba. Seremala huyo, si atajichongea?

#3 JogooLaTatu
Mbona sioni kosa? Kutoka sehemu ya 14 hadi 22 ni wiki nane. Mfupa unaunga kwa wiki tatu. Mdogo wangu alivunjika mkono, wiki ya nne yuko uwanjani anadaka mpira. Wasomaji wako wana chuki binafsi tu.

#4 MzeeWaMkasi
Jogoo, wiki nane za nani? Za mwandishi au za Zena?

KalamuButu, kabla hatujaendelea, fungua hadithi yako uhesabu siku ngapi zimepita kwa Zena tangu alipoanguka hadi aliposhika kamba. Usihesabu sehemu. Hesabu mara ngapi jua limechwa.

#5 KalamuButu
Mzee, nimehesabu. Nikiichukulia siku hadithi inapoanza kuwa Siku ya 1, anaanguka Siku ya 31. Sehemu ya 15 ni usiku uleule, hospitalini. Ya 16 hadi ya 18 ni siku tatu nyumbani kwa shangazi yake. Halafu safari. Kamba ni Siku ya 42.

Siku kumi na moja!! Nimeishiwa nguvu.

#6 MzeeWaMkasi
Ndiyo hapo. Wewe uliandika lile anguko, ukalala, ukaamka, ukaandika mengine, miezi miwili ikapita kwako. Mkono wake ulipona kichwani mwako kwa kalenda yako wewe. Nimehariri hadithi za mfululizo miaka mingi, na kosa hili nimelikuta zaidi ya lingine lolote: njaa, vidonda, hasira, mimba, vyote vinakwenda kwa kalenda ya mwandishi. Kinyume chake kipo pia. Anayeandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja utamkuta mhusika bado anachechemea wakati hadithi imeshakula mwaka.

Jedwali lako lina namba za sehemu. Namba ya sehemu haikuambii kitu kuhusu mwili wa mtu. Weka safu ya siku ya hadithi, iwe ya kwanza kabisa kushoto. Namba ya sehemu iwe ya pili, ya kukusaidia kutafuta tu.

#7 NesiWaZamu
Nasahihisha kidogo kwa Jogoo kule #3. Wiki tatu hadi nne ni habari ya mtoto mdogo, mifupa yao inaunga haraka. Mdogo wako alikuwa na umri gani? Mtu mzima aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono, ule mvunjiko wa kawaida usiohitaji upasuaji, hogo linakaa wiki sita hivi. Na siku hogo linapokatwa si siku ya kupona. Mkono unatoka umekonda, ngozi inabanduka, kifundo kigumu kama ubao. Kufungua mfuniko wa chupa ni kazi. Nguvu za kuning'inia kwenye kamba huenda zikachukua miezi kadhaa.

Siku ya 11 huyu dada yako angekuwa bado anaumwa akigongwa tu na mlango.

#8 JogooLaTatu
Alikuwa na miaka saba. Sawa, nimekubali nusu.

#9 Falsafa_Tupu
Samahani, mimi naona mnakosea kuanzia kwenye msingi. Mhusika asiyebadilika ni mhusika mfu. Mkimfunga kwenye jedwali la tabia, sehemu ya 1 mkali, sehemu ya 34 mkali, huyo si mtu, huyo ni sanamu. Binadamu hubadilika. Mimi sina jedwali na wahusika wangu wanapumua.

#10 Chachandu
Mkuu anazungumzia mkono kuvunjika, wewe unazungumzia roho. Mkono haubadiliki kifalsafa.

#11 DadaSura
Falsafa hajajibu kilichoulizwa, ila nisimwache hivihivi, maana mwaka jana nilikuwa na msimamo kama wake. Mhusika wangu alikuwa mtu asiyesamehe. Sura ya 30 nikataka asamehe, nikaandika, wasomaji wakaniambia nimesahau tabia yake. Kumbe sikusahau, nilikuwa nimekusudia. Kosa langu ni kwamba mabadiliko yenyewe sikuyapa mahali pa kutokea. Sasa hivi tabia ikibadilika naiandika kwenye jedwali kama tukio: siku fulani, mbele ya fulani, kwa sababu fulani. Nisipoweza kuijaza hiyo siku, najua sijaandika mabadiliko, nimesahau tu.

#12 Falsafa_Tupu
Hiyo ya DadaSura naweza kuishi nayo.

#13 MzeeWaMkasi
Turudi kwenye mkono. Siku umeipata, lakini mstari wako bado una ugonjwa wa pili. "Mkono wa kushoto umevunjika" ni habari ya kilichotokea. Ukiwa unaandika sehemu ya 22 hauhitaji kujua kilichotokea, unahitaji kujua leo hawezi nini. Geuza jeraha moja liwe vipande vya muda. Kwa Zena ningeandika hivi, nikifuata wiki sita za Nesi:

Siku 31 – kuanguka. Mkono umevimba, kushoto kwake.
Siku 31 hadi 73 – hogo. Hawezi: kamba, randa, kubeba kwa mikono miwili, kufunga nywele mwenyewe. Anaweza: kusogeza vidole, kuandika (ni wa mkono wa kulia).
Siku 73 hadi 120 hivi – hogo limetoka. Hawezi: nyundo ya kushoto, kuegemea kiganja. Anaweza: kazi nyepesi, akikunja uso.
Siku 120 na kuendelea – kibaki cha kudumu. Kifundo hakikunji nyuma hadi mwisho.

Huo mstari wa mwisho ndio watu wengi wanausahau. Jeraha lolote kubwa uamue limebakisha nini, hata kama ni kutobakisha kitu. Ukiacha wazi, utalikumbuka siku mbili za huzuni na kulisahau siku nyingine zote.

#14 KalamuButu
"Hawezi kufunga nywele mwenyewe." Mzee, hiyo peke yake imenipa tukio zima na shangazi. Asante.

#15 MchorajiWaGizani
Mimi nachora katuni za mfululizo, naongeza moja hapo kwenye "kushoto kwake". Jambazi wangu ana kovu la shavu. Kwenye karatasi ya mhusika niliandika "kovu shavu la kushoto" nikiwa naangalia picha yake ya mbele, yaani kushoto kwangu mimi. Nilipomchora kwa mgongo akigeuka, nikatumia kushoto kwake. Kovu likahama shavu. Kurasa kumi na mbili zilishatoka.

Siku hizi siandiki kushoto wala kulia peke yake. Naandika "shavu la upande wa mkono anaoshikia kisu." Hapo sipotei hata akisimama kichwa chini.

#16 JogooLaTatu
Hata wakubwa walikosea jamani, tusimuonee KalamuButu. Dakta Watson wa Sherlock Holmes alipigwa risasi ya mguu vitani, halafu hadithi za baadaye ikawa bega.

#17 MzeeWaMkasi
Umeipindua. Riwaya ya kwanza, 1887, risasi ni ya bega. Ya pili, 1890, jeraha liko mguuni. Tena kuna hadithi fupi ya 1891 ambapo mke wake anamwita James, na jina lake ni John.

#18 JogooLaTatu
Leo sipati hata moja.

#19 Chachandu
Lakini hoja yako imesimama. Aliyekosea vile bado anasomwa, sisi tunaopatia nani anatujua?

#20 MsomajiMkorofi
Nimeufuata uzi huu kimyakimya kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza habari za mkono kule kwenye hadithi. Sikukusudia kukuumiza, KalamuButu, naipenda hadithi. Ila kwa kuwa mmeanza kuhesabu siku, nina swali jingine.

Zena ana mazoea ya kuzungusha pete akiwa na wasiwasi. Pete ya mama yake. Sehemu ya 2 umesema iko kidole cha pete, mkono wa kushoto. Nimebonyeza Ctrl+F nikatafuta "pete". Sehemu ya 17, Siku ya 33 kwa hesabu yenu, yuko kwa shangazi na "anaizungusha pete ya mama yake taratibu." Mkono upi huo?

#21 NesiWaZamu
Uwiii. Hiyo imenipita na ni ya kwetu kabisa. Mtu akija na mkono umevunjika, pete huwa inatolewa mapema, kabla ya hogo, kwa sababu vidole vinavimba na pete inaweza kuzuia damu isipite. Isipotoka kwa sabuni inakatwa kwa kifaa. Siku ya 33 vidole vyake vingekuwa kama ndizi. Hakuna pete ya kuzungusha hapo.

#22 KalamuButu
Naomba niseme ukweli. Kwenye jedwali pete ipo mstari wa 9, chini ya TABIA. Mkono uko mstari wa 77, chini ya MAJERAHA. Havijawahi kuonana.

#23 DadaSura
Hapo ndipo mimi nilipovunja jedwali langu la vichwa vya habari. Tabia kurasa zake, majeraha kurasa zake, ni nadhifu kulitazama, lakini mwili ni mmoja. Sasa kila ninapoingiza jeraha jipya napita orodha ya mazoea yote, mstari kwa mstari, nauliza: hili bado linawezekana? Wangu wana mazoea manne au matano tu kila mmoja, kwa hiyo ni kazi ya dakika tano. Anayepiga mluzi akiwa na mdomo umechanika, anayekaa kukunja nne na goti limeteguka, yote yanajitokeza hapo.

Na faida yake: zoea likizuiwa ndipo msomaji analiona. Zena akipeleka kidole gumba kwenye kidole cha pete, akute hakuna kitu. Hiyo ni nzuri kuliko mara ishirini za kuizungusha.

#24 MsomajiMkorofi
Ni mara kumi na tisa. Nimehesabu. Sehemu ya 6 peke yake mara nne.

#25 MzeeWaMkasi
Basi na hilo liingie kwenye jedwali: safu ya "mara ya mwisho kuonekana". Zoea lililoonekana sehemu iliyopita lipumzike. Lililopotea sehemu kumi, ama lirudishwe ama ujue kwa nini limeacha.

#26 Bwana_Rasimu
Mimi nina maelezo tofauti na yenu. Sidhani kama ni kalenda wala mpangilio wa kurasa. Mimi makosa yangu karibu yote yanatoka kwenye rasimu nilizofuta. Niliandika tukio ambalo daktari anamfungua mhusika bandeji, nikalikata kwa kuwa lilichosha. Lakini kichwani lilibaki. Naendelea kuandika nikiamini limetokea. KalamuButu, hukuwahi kuandika tukio la Zena kupona ukalifuta?

#27 KalamuButu
...Niliwahi. Lilikuwa sehemu ya 20 ya mwanzo, akiruka wiki saba kijijini. Nililitoa kwa sababu baba yake angekuwa ameshaondoka.

#28 Bwana_Rasimu
Kesi imekwisha.

#29 MzeeWaMkasi
Haijaisha, ila ni kweli nzito. Ndiyo maana nasisitiza safu ya hali: "imetoka" au "nimekusudia". Kitu kisichowahi kumfikia msomaji hakijatokea. Usiingize jambo kama "imetoka" kutoka kichwani. Fungua sehemu yenyewe, nakili maneno kama yalivyo. Na kama ni mhusika aliyesema, si msimulizi, andika nani kasema, maana wahusika huongopa. Nilishakuta jedwali linasema bwana fulani ana watoto watatu, kumbe alikuwa anamdanganya askari.

#30 Chachandu
Mimi nina maelezo ya tatu na hamtayapenda. KalamuButu alijua. Alihitaji Zena apite ukuta ule, geti limefungwa, muda umeisha, wasomaji wanasubiri kesho asubuhi. Akafumba macho. Jedwali halizuii mtu aliyefumba macho.

#31 KalamuButu
Sijui nikujibu nini. Nakumbuka nilikuwa naandika saa saba usiku. Sikumbuki kama niliwaza mkono.

#32 Falsafa_Tupu
Hayo ndiyo majibu ya mtu aliyewaza mkono.

#33 DadaSura
Mwacheni. Mistari 140 nani anaisoma saa saba usiku? Hayo ndiyo maelezo yangu mimi: jedwali likizidi ukurasa mmoja halisomwi, linajazwa tu. Mimi kabla ya kila sura natoa kikaratasi cha mistari isiyozidi sita: leo ni siku ya ngapi, yuko wapi, mwili una nini, anajua nini, hajui nini, kabeba nini. Kikaratasi kinakaa juu kabisa ya ukurasa ninaoandika. Jedwali kubwa nalifungua nikiwa na shaka tu.

#34 MzeeWaMkasi
Na umri, DadaSura, unaandikaje? Maana wengi huandika "ana miaka 34".

#35 DadaSura
Naandika siku aliyozaliwa. "Ana miaka 34" inaoza ikikaa. Nilikuwa na "mume wake alifariki miaka kumi iliyopita" kitabu cha kwanza. Kitabu cha tatu, ndani ya hadithi ni miaka miwili baadaye, nikanakili kutoka jedwalini: miaka kumi iliyopita. Yule marehemu akawa anafariki upya kila kitabu.

#36 JogooLaTatu
Sasa sehemu ya 22 inatibiwaje? Maana imeshasomwa. Mimi nashauri ahariri kimyakimya, aandike "mkono mmoja". Nani atajua?

#37 MsomajiMkorofi
Mimi.

#38 NesiWaZamu
Na kwa mkono mmoja hapandi kamba hata aliye mzima.

#39 MzeeWaMkasi
Kwangu mimi, kilichotoka kimetoka. Alipanda kwa mikono miwili Siku ya 42, akiwa amevunjika. Basi alipe. Hogo liwe limepasuka, mfupa uwe umesogea, Siku ya 43 aamke na vidole vya zambarau, na ile Siku ya 73 isogezwe mbele. Kile kibaki cha kudumu kiwe kikubwa zaidi: mkono umeunga umepinda. Seremala mwenye mkono uliopinda, hiyo si kiraka, hiyo ni hadithi.

#40 Bwana_Rasimu
Sikubaliani. Sehemu za 23 hadi 34 zimeshatoka na hakuna aliyeona vidole vya zambarau. Ukilipa deni la sehemu ya 22, unafungua madeni kumi na mawili. Bora ahariri 22 waziwazi, aweke maelezo juu: sehemu hii imerekebishwa, Zena anavutwa juu na Kasimu. Sentensi tatu, imekwisha.

#41 DadaSura
Mimi niko katikati. Kabla ya kuchagua ningezisoma hizo kumi na mbili nikitafuta kila mahali anapotumia mkono wa kushoto. Zikiwa tatu, lipa. Zikiwa thelathini, hariri.

#42 KalamuButu
Nimezipitia haraka. Mahali saba. Tano zinaweza kuwa mkono wa kulia, sijasema upi. Mbili ni mbaya. Moja anapiga randa. Nyingine ni sehemu ya 28, Siku ya 58, anaibiwa pete usingizini, "ikachomolewa kidoleni mwake asihisi."

#43 Chachandu
Ndani ya hogo? Mwizi ana ufundi.

#44 NesiWaZamu
Kwanza hogo la hapo huwa linaacha vidole wazi. Tatizo si hogo, ni kwamba pete ilishatolewa Siku ya 31. Na sisi hatubaki nayo, tunamkabidhi aliyemsindikiza mgonjwa.

#45 MsomajiMkorofi
Kwa hiyo swali ni nani alimsindikiza.

#46 KalamuButu
Nafungua sehemu ya 15 sasa hivi. "Kasimu alikaa naye hadi alfajiri." Hakuna mtu mwingine.

#47 MsomajiMkorofi
Kasimu ambaye sehemu ya 29 anamsaidia kumtafuta mwizi wa pete?

#48 KalamuButu
Ngojeni kwanza. Msiandike kitu. Nakuja.